Barua ya kocha ya kuomba udhamini: ya Kiswahili na nakala yake ya Kiingereza

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua stoo ya timu uhesabu. Barua nyingi za makocha wa vijana hukataliwa kwa sababu zinaomba "msaada wowote mtakaoweza kutupatia". Mtu anayesoma barua kama hiyo ofisini hana la kufanya nayo, maana hawezi kumpelekea mkubwa wake ombi lisilo na kiasi. Zikiwa lugha mbili, tatizo huzidi: nakala ya Kiingereza inapoandikwa haraka namba huhama, kundi la umri hubadilika, na mfadhili aliye mbali anabaki na barua mbili zinazoomba vitu viwili tofauti. Kwa hiyo kazi ina hatua tatu: orodha moja, barua ya Kiswahili inayotoka kwenye orodha hiyo, kisha nakala ya Kiingereza inayofuata barua namba kwa namba.

Orodha kwanza

Tuchukue timu ya vijana walio chini ya miaka 13, wachezaji 24, wavulana 15 na wasichana 9, makocha wawili, msimu wa kuanzia Machi hadi Novemba. Mechi za ugenini ni 9. Bei zinazofuata ni za mfano tu, hazina sarafu. Weka sarafu yako na bei ulizoandikiwa na muuzaji.

Anza na mipira. Kwa umri huu mpira unaotumika sana ni namba 4. Namba 5 ni wa wakubwa. Andika namba ya mpira kwenye orodha, la sivyo mfadhili mwenye nia njema ataleta namba 5 kumi na mbili na watoto wataupiga kwa vidole vya mguu msimu mzima. Mpira mmoja kwa wachezaji wawili unatosha kwa mazoezi mengi, yaani 12. Stoo ina 4 inayoshika upepo vizuri, basi ombi ni 8. Bei 200 kila mmoja: 1,600.

Vizibao vya mazoezi, vile vinavyovaliwa juu ya jezi kutenganisha timu mbili, ni 24: rangi mbili, 12 kwa 12. Kwa 40 kila kimoja ni 960. Koni 40 kwa 10 ni 400. Pampu 2 kwa 60, sindano zikiwemo, ni 120. Sindano za pampu huvunjika na kupotea kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo muulize muuzaji kabisa kama bei ina sindano za akiba.

Vikinga ugoko ni jozi 24 kwa 50, yaani 1,200. Hivi vipe nafasi yake katika barua kwa sababu hoja yake ni nyepesi kueleweka. Sheria namba 4 ya mpira wa miguu inamtaka kila mchezaji avae jezi, kaptula, soksi, vikinga ugoko na viatu. Asiyekuwa navyo anazuiwa kucheza hata kama ndiye bora wa timu, na mfadhili asiyejua mpira hulielewa hilo mara moja.

Mwisho ni usafiri. Safari 9 kwa 400 ni 3,600. Wazazi wamekubali kulipia safari 3, yaani 1,200, kwa hiyo kinachoombwa ni safari 6: 2,400.

Sasa panga katika mafungu matatu. Vifaa vya mazoezi (mipira, vizibao, koni, pampu) ni 3,080. Vikinga ugoko ni 1,200. Safari ni 2,400. Jumla ya ombi ni 6,680. Mafungu yana faida kubwa: mwenye duka dogo asiyeweza 6,680 anaona pale pale kwamba 1,200 inavalisha timu nzima vikinga ugoko. Ukimpa jumla peke yake atasema hana, na kweli hana.

Usiingize posho za makocha katika barua ya kwanza. Haina ubaya kuzihitaji, lakini mfadhili mgeni akiona posho kwenye ukurasa wa kwanza huuliza maswali ambayo vifaa na safari haviulizwi. Zizungumzie mkishajuana.

Neno la ombi lenyewe

Kwa Kiswahili tuna mdhamini na tuna mfadhili, na watu huyachanganya. Mdhamini kwenye mpira hutoa akitarajia jina lake lionekane. Mfadhili hutoa kwa ajili ya watoto na anachotaka ni taarifa ya matumizi. Amua unamwandikia yupi, kwa sababu aya ya "tutakachofanya sisi" hubadilika. Duka linaloandika jina lake kwenye vizibao ni mdhamini. Taasisi ya misaada ni mfadhili, na ukiiahidi bango uwanjani utaonekana hukuelewa inafanya nini.

Kwa upande wa Kiingereza mtego ni mkubwa zaidi. Kamusi itakupa "guarantor" kwa mdhamini, na hilo ni neno la mtu anayemwekea mwenzake dhamana ya mkopo au mahakamani. Inaweza pia kukupa "trustee", ambalo ni mjumbe wa bodi ya wadhamini. Unalolitaka ni "sponsor" kwa mdhamini na "donor" kwa mfadhili.

Kabla ya kuahidi nembo ya mtu kwenye nguo za watoto, soma kanuni za ligi unayocheza. Sheria namba 4 inakataza kauli na picha za siasa, za dini na za mtu binafsi kwenye vifaa vya wachezaji, na waandaaji wengi wa mashindano ya watoto hawaruhusu matangazo ya pombe wala ya kubashiri. Ahadi unayolazimika kuifuta baadaye huharibu uhusiano kuliko kutoahidi. Vizibao vya mazoezi ni mahali salama zaidi pa kuanzia, maana havivaliwi kwenye mechi.

Barua ya Kiswahili

Ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, kumbukumbu namba, kisha anwani ya mpokeaji kushoto. Kichwa cha barua kianze na YAH: au KUH:, kufuatana na mazoea ya mahali ulipo, na kitaje kiasi au kitu kinachoombwa. "YAH: MAOMBI YA MSAADA" hakimwambii mtu chochote. Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

Kumb. Na. U13/01

YAH: OMBI LA UDHAMINI WA VIFAA NA SAFARI ZA TIMU YA CHINI YA MIAKA 13, JUMLA 6,680

1. Timu yetu ina wachezaji 24 walio chini ya miaka 13, wavulana 15 na wasichana 9. Tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki na msimu huu tuna mechi 9 za ugenini, kuanzia Machi hadi Novemba.

2. Tunaomba udhamini wa 6,680 kwa mafungu matatu: vifaa vya mazoezi 3,080, vikinga ugoko jozi 24 kwa 1,200, na usafiri wa mechi 6 za ugenini kwa 2,400. Unaweza kuchukua fungu moja au zaidi. Mchanganuo na bei za muuzaji vimeambatanishwa.

3. Sisi wenyewe tuna mipira 4 inayofaa, na wazazi wamekubali kulipia safari 3 zilizobaki, zenye gharama ya 1,200.

4. Ukichukua fungu la vifaa, jina lako litaandikwa kwenye vizibao vyote 24. Kwa fungu lolote utakalochukua, tutakutumia risiti na taarifa ya ukurasa mmoja kufikia tarehe 15 Desemba.

5. Tunaomba jibu kufikia tarehe 10 Februari ili vifaa vinunuliwe kabla ya mechi ya kwanza. Tunakukaribisha pia mazoezini Jumamosi yoyote, saa tatu asubuhi.

Chini yake waweke sahihi kocha na mweka hazina, na namba ya simu inayopokewa.

Aya ya 3 ndiyo makocha wengi wanayoiacha, wakidhani kutaja walicho nacho kutapunguza huruma. Anayetoa fedha huiangalia mapema, kwa sababu inamwonyesha kwamba kuna watu wengine walioweka mkono wao kabla yake. Andika hata mchango mdogo: mzazi anayefua jezi, shule inayotoa uwanja bure. Ila uwe wa kweli na unaoweza kuonyeshwa.

Sahihi ya pili ina kazi. Barua yenye sahihi ya kocha peke yake, na namba ya simu ya kocha peke yake ya kupokelea fedha, inasomeka kama ombi la mtu binafsi. Fedha ziingie kwenye akaunti ya timu au ya taasisi inayoilea timu. Usiweke namba ya akaunti katika barua hii ya kwanza. Barua husambazwa, na matapeli hubadilisha namba moja wakaituma upya. Itoe mtu akishakubali, naye aithibitishe kwa kupiga simu ile iliyo kwenye barua.

Majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na hali za nyumbani kwao visiingie kwenye barua. Picha ya kundi inatosha, na mzazi wa kila anayeonekana awe ametia sahihi kwamba picha itatumwa kwa wafadhili. Usitafute picha ya mtoto aliyechanika jezi. Mtoto huyo atakua, na picha itabaki.

Nakala ya Kiingereza

Hapa wengi hukaa na barua ya Kiswahili mkononi na kuhamisha sentensi moja moja. Matokeo yake ni Kiingereza kinachoeleweka nusu. Njia bora ni kuweka namba za aya zilezile 1 hadi 5, kumbukumbu namba ileile, kisha kuiandika kila aya upya kwa kuuliza aya hii inasema nini.

"Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" iache kabisa. Kwa Kiswahili ni heshima ya kiofisi iliyozoeleka. Kwa Kiingereza msomaji hushangaa kwa nini anaambiwa arudie mstari aliousoma sasa hivi. "Tunaomba" pia iangaliwe. Ukiandika "we beg" umejishusha mahali ambapo Kiswahili hakikukushusha. Andika "we are asking for". Na pale unapomaanisha kocha kwa kusema mwalimu, kama ilivyo kawaida viwanjani, Kiingereza ni "coach", kwani "teacher" humfanya mfadhili adhani barua imetoka shuleni.

Saa ndiyo kosa linalogharimu zaidi. Saa tatu asubuhi ni 9:00 a.m. kwa Kiingereza, na saa kumi jioni ni 4:00 p.m. Mgeni aliyeandikiwa "3 o'clock" kwa mazoezi ya saa tatu asubuhi atafika uwanjani alasiri akute nyasi tupu. Ongeza au punguza saa sita, kisha umpe mtu mwingine ahakiki.

Tarehe ziandikwe na jina la mwezi. 10/2 ni tarehe 10 Februari kwa wengine na tarehe 2 Oktoba kwa Wamarekani, na hilo likiwa tarehe ya mwisho ya kujibu, umepoteza msimu. Fedha nazo zitajwe kwa herufi tatu za sarafu, na kando yake kiasi cha takriban kwa sarafu ya mfadhili pamoja na siku uliyotumia kiwango cha kubadilishia. Kiasi cha sarafu yenu ndicho kinachoombwa. Hicho kingine ni cha kumsaidia tu, na kisemwe hivyo. Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi za Ulaya nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha desimali, yaani kinyume cha tunavyofanya. Ukiogopa mkanganyiko, andika kiasi kwa maneno mara moja.

Umri una mtego mdogo unaoleta ugomvi mkubwa. "Chini ya miaka 13" ni "under-13". Ukiandika "13 years and below" umeongeza mwaka mzima, na barua mbili sasa zinaeleza timu mbili. Halafu kuna jinsia. Kiswahili kinasema vijana na wachezaji bila kubainisha, kwa hiyo mtafsiri huandika "boys" bila kufikiri na wasichana 9 wanatoweka. Taasisi nyingine hutoa fedha kwa kuangalia wasichana wangapi wanacheza. Ndiyo maana hesabu ya 15 na 9 imo kwenye aya ya kwanza ya barua zote mbili.

Maneno ya mpira hutegemea unamwandikia nani. Mwingereza husema "football", "pitch", "boots" na "kit". Mmarekani husema "soccer", "field", "cleats" na "uniforms". Viatu vya mpira visiwe "shoes" kwa yeyote kati yao, maana ataleta viatu vya shule. Chagua upande mmoja uufuate mpaka mwisho wa barua. Vifaa vya mazoezi ni "training equipment", vizibao ni "training bibs" kwa Mwingereza na "pinnies" kwa Wamarekani wengi, vikinga ugoko ni "shin guards" kwa wote.

Aya ya 2 na ya 3, kwa msomaji wa Kiingereza cha Uingereza, zinatoka hivi:

```
2. We are asking for 6,680 in three parts: training
equipment (3,080), 24 pairs of shin guards (1,200) and
transport to 6 away matches (2,400). You may choose one
part or more. A full budget and the supplier's quote
are attached.

3. We already have 4 usable balls, and parents will
pay for the other 3 away trips (1,200).
```

Ni fupi kuliko Kiswahili chake, na hiyo si kasoro. Usiipambe ili zilingane urefu. Kinachopaswa kulingana ni namba. Mwishoni, ukimwandikia mtu kwa jina lake malizia na "Yours sincerely". Ukianza na "Dear Sir or Madam" malizia na "Yours faithfully". Juu ya nakala andika kwamba ni tafsiri ya barua yenye Kumb. Na. U13/01 na utaje tarehe yake, na watie sahihi watu walewale wawili.

Kuhakiki

Mpe nakala ya Kiingereza mtu ambaye hajaiona ya Kiswahili. Akusomee kwa Kiswahili kile anachoelewa, nawe ushike barua yako. Kila anapotaja namba, saa, tarehe au umri, weka alama. Kwa barua yetu lazima zitoke hizi: 24, 15, 9, chini ya 13, mazoezi mara tatu, mechi 9, Machi hadi Novemba, 6,680, 3,080, jozi 24 kwa 1,200, safari 6 kwa 2,400, mipira 4, safari 3 kwa 1,200, vizibao 24, tarehe 15 Desemba, tarehe 10 Februari, Jumamosi saa tatu. Ikikosekana moja, rekebisha kabla ya sahihi. Kisha jumlisha upya mafungu matatu kwa kikokotoo. Kosa la kawaida ni kubadilisha bei moja baada ya muuzaji kupandisha, kuirekebisha katika barua moja, na kuisahau katika mchanganuo na katika nakala.

Kutuma na kufuatilia

Anayesoma Kiswahili apewe ya Kiswahili juu na nakala chini. Mfadhili wa nje apewe ya Kiingereza kwanza. Zote mbili ziende pamoja daima, katika faili moja la PDF lenye kurasa tatu: barua, nakala, mchanganuo. Mafaili yakitengana, moja hubaki kwenye simu ya mtu na jingine likaenda kwa bosi. Jina la faili liwe na jina la timu na kumbukumbu namba, kwa sababu "barua mpya final 2" haitafutiki kwenye kompyuta ya mtu anayepokea maombi kila siku. Bei za muuzaji ziende kama faili la pili.

Barua pepe yenyewe iwe na mistari minne: nani anaandika, kinachoombwa na kiasi, tarehe ya kujibu, namba ya simu. Wengi hawafungui kiambatisho mpaka mistari hiyo iwape sababu.

Subiri siku 10 za kazi, kisha piga simu mara moja na utaje kumbukumbu namba. Usiulize kama wamekubali. Uliza kama barua imemfikia anayehusika na kama kuna kinachokosekana, maana mara nyingi jibu ni kwamba imekwama kwa kukosa karatasi moja. Weka daftari lenye safu za mpokeaji, tarehe, fungu lililoombwa na jibu. Mwenye duka akichukua vikinga ugoko, barua kwa wengine waliobaki ibadilishwe siku hiyohiyo: aya ya 2 inashuka hadi 5,480 na mafungu mawili, aya ya 3 inataja kwamba vikinga ugoko vimepatikana, na kumbukumbu inakuwa U13/02 katika lugha zote mbili. Kuwaacha wafadhili wawili walipie jozi zilezile 24 ni kosa ambalo hata risiti safi haitalieleza.

Vifaa vikifika, hesabu mbele ya aliyevileta, mtie sahihi nyote wawili, na barua ya kupokea iende ndani ya siku tatu ikiwa na kumbukumbu namba ileile, kwa lugha aliyotumia kujibu.